Barua Mbili za Mpishi, na Ujumbe Uliokosekana Jumatano

Saa kumi na moja na nusu alfajiri si saa ya kubisha mlango wa jirani. Nilipofungua nikamkuta mmoja wa wapishi wa shule yetu, kanga imefungwa kifuani, viatu vimejaa vumbi la barabara ya hospitali. Mwanawe wa miaka minne alishikwa na degedege jana yake jioni, akalazwa usiku kwa malaria kali. Alikuwa amemwacha na mwanamke wa kitanda cha pili, akapanda boda boda kuja kwangu kwa jambo moja tu.

“Mwalimu, niandikie barua kwa Afande. Yeye hataki maneno ya mdomo.”

Afande ndiye msimamizi wa wafanyakazi wa shule, mwanajeshi mstaafu. Huku kwetu Nile Magharibi, Uganda, watu wa makabila mbalimbali hukutana katika Kiswahili, na askari wa zamani hukishika zaidi ya wengine. Kwa hiyo barua za wapishi, walinzi na wafua nguo humfikia kwa Kiswahili, na nyingi zimepitia mezani kwangu. Nilijiona fundi. Nikaketi, nikaandika ukurasa mzima: nilianza kwa kumtakia heri na afya njema, nikaeleza uchungu wa mama, nikataja degedege na macho yaliyogeuka, nikamwomba kwa unyenyekevu mkubwa amruhusu mama huyu awe na mwanawe hadi atakapopona. Nikamalizia kwa ahadi kwamba atatoa taarifa ya hali ya mtoto kila siku, asubuhi, mchana na jioni.

Mwanafunzi akiniletea barua hiyo ningempa alama nzuri. Afande aliisoma amesimama, akanirudishia.

“Mwalimu, pole yake nimempa. Lakini anarudi lini? Na uji wa leo nani anapika?”

Nilikasirika. Wanafunzi mia sita wanakunywa uji saa nne, na wapishi ni watatu tu, hilo nililijua. Hata hivyo nilimwona mtu mwenye moyo mkavu. Baadaye, nikiisoma tena barua ile, niliona kwamba maswali yake mawili ndiyo pekee ambayo sikuyajibu. Nilikuwa nimeandika juu ya huruma, na huruma alikuwa nayo. Alichokosa ni tarehe.

Kabla sijaandika upya ilinibidi nijue tunaomba nini hasa. Je, ni haki au ni hisani? Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi likizo anapougua yeye mwenyewe. Inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na baba siku 4 za kazi mkewe anapojifungua. Mtoto akishazaliwa, akafikisha miaka minne, akashikwa na degedege, sheria hiyo haina siku iliyomtengea mzazi wake. Jirani zetu wa Tanzania wanayo: sheria yao ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na siku hizo ni za mzunguko mzima wa likizo, si za kila tukio. Nimekutana na watu hapa wanaodai “siku nne za mtoto” kwa kuwa wamesikia habari za upande ule. Ukimtajia Afande siku hizo utakuwa umeshindwa kabla ya kuketi.

Kilichopo kwetu ni likizo ya mwaka. Sheria inampa mfanyakazi siku 7 zenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, nazo huchukuliwa wakati ambao pande mbili zimekubaliana. Shuleni kwetu imezoeleka kwamba mpishi hupumzika wanafunzi wanapofunga muhula, na mazoea hayo yamekaa muda mrefu hadi yanadhaniwa kuwa sheria. Mama huyu alikuwa ametimiza zaidi ya mwaka kazini na siku zake hakuwa amezigusa zote. Hivyo tulikuwa na kitu cha kuweka mezani kisichokuwa machozi.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: siku ngapi? Hapo nilimpigia simu muuguzi ninayemfahamu, naye alinieleza jambo ambalo tangu siku hiyo nimewaeleza wengi. Malaria kali hutibiwa kwa sindano za artesunati. Ya kwanza hutolewa mgonjwa anapopokewa, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza. Zote tatu ni za lazima, hata mtoto akiamka na kuomba chai baada ya moja. Zikiisha, kama anaweza kumeza, huhamishiwa dawa mseto ya vidonge kwa siku tatu. Kama hawezi, huendelea na sindano moja kila siku. Mtoto wetu alichomwa ya kwanza Jumapili saa nne usiku. Basi ya tatu ingekuwa Jumatatu saa nne usiku, na daktari wa kwanza ambaye angeweza kusema neno la maana ni yule atakayepita wodini Jumanne asubuhi.

Nikatazama ahadi yangu ya taarifa tatu kwa siku. Jumatatu nzima mama asingekuwa na jambo la kumwambia Afande ila kwamba mtoto amelala. Nilikuwa nimemwahidia kazi ya kuandika habari zisizokuwepo.

Nilichukua karatasi nyingine. Hii ndiyo barua ya pili, nami naiweka hapa yote kwa ruhusa ya mwenyewe:

“Kwa Msimamizi wa Wafanyakazi. Ombi la kumuuguza mtoto hospitalini, Jumatatu hadi Jumatano. Mwanangu wa miaka minne amelazwa tangu jana usiku, na wodi inataka mzazi awepo mchana na usiku. Naomba nisiwepo kazini leo, kesho na Jumatano, na siku hizo tatu zikatwe katika likizo yangu ya mwaka. Mpishi wa zamu ya jioni amekubali kupika uji wa asubuhi siku zote tatu. Ufunguo wa ghala nimemkabidhi, nami nitamrudishia zamu zake nikirejea. Daktari hupita asubuhi. Kila siku kabla ya saa nane mchana nitakutumia ujumbe wa simu. Ujumbe wa Jumatano utasema kama narudi Alhamisi au naomba siku zaidi. Karatasi ya kulazwa nitaileta nikirudi.”

Afande aliuliza kama mpishi wa jioni amekubali kweli, akamwita, akasikia mwenyewe, akatia sahihi. Yote hayo yalichukua dakika kumi. Uji ulichelewa kidogo tu.

Kuna sentensi moja katika barua ile ambayo watu huona haina uzito: kwamba wodi inataka mzazi awepo. Mwajiri anaposikia mtoto amelazwa, hudhani kazi imepokewa na hospitali, na mzazi anaketi tu kando ya kitanda. Kiswahili kina kitenzi chake, kuuguza, na kitenzi hicho ni kazi. Katika wodi ya watoto ya hospitali ya umma muuguzi mmoja hutazama vitanda vingi. Yeye huchoma sindano na kutundika maji. Anayempangusa mtoto kwa kitambaa chenye maji homa inapopanda, anayemwinua ili asipaliwe, anayeona degedege limerudi na kupiga kelele, anayekwenda maabara kufuata majibu, anayefua, anayepika uji nyuma ya wodi, ni mzazi. Mzazi asipokuwepo kazi hizo hazifanywi na mtu mwingine. Ndiyo maana “nitapitia hospitali jioni baada ya kazi”, jibu ambalo waajiri wengi hulipendekeza kwa nia njema, halina maana kwa mtoto wa miaka minne.

Ujumbe wa kwanza, wa Jumatatu, niliutunga mimi. Mama alinipigia saa saba akaniambia hali, nami nikamwandikia Afande kwa niaba yake kwamba mtoto bado ana usingizi mzito, damu yake imechukuliwa kupimwa na inaonekana imepungua. Nilidhani natimiza ahadi. Afande, kwa wema, aliwasomea wapishi wenzake jikoni ili wamwombee. Kufikia jioni neno “damu imepimwa” lilikuwa limezunguka na kurudi likiwa jambo jingine. Mlinzi wa lango aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mtoto ana “ule ugonjwa”. Niliona aibu iliyonifika miguuni. Mama yule hakuwa ameniruhusu kutoa habari za damu ya mwanawe, na Afande hakuzihitaji. Yeye alihitaji kujua mpishi wake yuko wapi na atarudi lini.

Ujumbe wa Jumanne aliuandika mama mwenyewe, na ni bora kuliko wangu: “Niko wodini. Daktari amepita. Leo hatutoki. Kesho kabla ya saa nane nitasema habari ya Alhamisi.” Ugonjwa haukutajwa wala dawa, na Afande aliridhika. Hata leo nikiombwa mfano wa taarifa ya kila siku natoa huo.

Kilichokuwa kinatokea wodini ni kwamba mtoto hakuweza kumeza. Jumanne usiku alichomwa sindano ya nne. Jumatano asubuhi midomo na viganja vilikuwa vyeupe, akipumua kwa haraka, na kipimo kilionyesha himoglobini chini ya 5. Akaagiziwa kuongezwa damu. Mama alipewa karatasi akimbilie maabara, akaambiwa asubiri kulinganishwa kwa kundi la damu, akarudi wodini, akatumwa tena. Chupa ilitundikwa alasiri. Simu yake ya vitufe ilikuwa imezimika tangu asubuhi, na sehemu ya kuchajia ilikuwa kibandani nje ya lango, kwa malipo, kwa kumwachia mwenye kibanda simu yako saa mbili au tatu.

Saa nane ikapita. Saa kumi na mbili ikapita. Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani, nikajiambia kwamba kimya ni habari njema. Nikalala.

Mwone sasa Afande. Ruhusa aliyotia sahihi iliishia Jumatano. Barua ilisema Jumatano atapata jibu, na jibu halikuja. Mpishi wa jioni alijua zamu zake za ziada zimekwisha, Alhamisi alfajiri akalala nyumbani kwake, kwa haki. Jiko lilikuwa na mtu mmoja. Uji ulitoka saa tano na nusu, na wanafunzi mia sita waliingia vipindi vya katikati ya asubuhi na matumbo matupu. Mwalimu mkuu alimwita Afande mbele ya watu. Akafungua daftari la mahudhurio na kuandika kwa wino mwekundu: “Hayupo bila ruhusa.”

Niliposikia nilichukua boda boda. Nilimkuta mama ameketi sakafuni, kichwa kwenye ukingo wa kitanda, amelala. Mtoto alikuwa macho, akinitazama, ameshika kikombe. Alikuwa amekunywa uji asubuhi ile kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Sikumwamsha mama yake mara moja. Nilikwenda kibandani kuchajisha simu, nikarudi, ndipo nikamweleza. Hakulia. Aliuliza tu: “Ameandika kwa kalamu gani?” Watu wa kazi wanajua daftari lao.

Alituma ujumbe pale pale, akaomba Alhamisi na Ijumaa. Jibu la Afande lilikuwa fupi: “Ukirudi njoo ofisini.”

Ijumaa waliruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya kumalizia. Jumamosi asubuhi aliitwa, kujibu kosa la utoro, kosa ambalo likithibitishwa huweza kumtoa mtu kazini. Sheria ile ile ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize utetezi wake, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu wa kumchagua mwenyewe akiwa pale. Alinichagua mimi. Afande hakupinga, nadhani hakutaka kufukuza mtu, bali alikuwa na daftari lenye maandishi mekundu na mwalimu mkuu anayengoja.

Mama aliweka mezani karatasi ya kulazwa na ya kuruhusiwa, akasema: “Afande, Jumatano nilikuwa nakimbia na karatasi ya damu. Simu ilizimika. Ningeiacha kibandani, nani angenipigia kelele kwamba mtoto amekata pumzi? Nilichagua.”

Afande aligeuza karatasi zile, akasoma tarehe moja moja. Akanigeukia mimi. “Na wewe Mwalimu, jina lako limo katika mambo haya tangu Jumatatu. Ulikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Nilisema ukweli, kwamba nilikuwa nasahihisha na nikadhani kimya ni heri.

“Doria isiporudi,” alisema taratibu, kana kwamba anajisemea, “hatuandiki kwamba imetoroka. Tunatuma watu kwanza.” Kisha akakunja uso, kwa sababu alitambua kwamba na yeye hakutuma mtu.

Maandishi mekundu yalipigwa mstari, ikaandikwa pembeni “likizo ya mwaka, siku 5”. Hiyo ni gharama: siku tano za mapumziko ya mwisho wa muhula, wakati ambao yeye hulima shamba lake, zimekwenda. Zamu tatu za mpishi mwenzake alizirudisha ndani ya wiki mbili, akiamka saa tisa usiku na kutoka saa mbili usiku. Hata siku 4 za Tanzania zisingetosha kumfikisha Ijumaa. Mwenzake wa tatu, yule aliyepika peke yake Alhamisi, hakurudishiwa chochote na hadi leo analitaja jambo hilo anapochoka. Ana haki pia.

Siku hizi ninapomwandikia mtu barua ya namna hii naongeza sentensi mbili ambazo hazikuwemo katika ile. Ya kwanza: “Usipopata ujumbe hadi saa kumi na mbili jioni, tafadhali mpigie fulani kwa namba hii kabla ya kuandika lolote kwenye daftari.” Huyo fulani lazima awe mtu aliyekubali na anayeweza kufika wodini kwa miguu au kwa boda boda, si jina la kupamba barua. Ya pili ni juu ya siku ya mwisho wa ruhusa: kama hakuna jibu, mpishi wa akiba aendelee siku moja zaidi. Sentensi hiyo inataka mazungumzo na mpishi wa akiba kabla ya barua kuandikwa, na mara nyingine yeye hukataa. Basi ombi linakuwa dogo zaidi, au siku moja isiyo na malipo huombwa waziwazi.

Kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo hakuna aliyelikumbuka wakati wa kuomba. Baada ya artesunati, kwa baadhi ya wagonjwa chembe nyekundu za damu huvunjika tena siku nyingi baadaye, hata malaria ikiwa imekwisha. Kwa hiyo walipotoka wodini mama aliambiwa amrudishe mtoto kupimwa baada ya wiki moja, wiki mbili na wiki nne. Hizo ni asubuhi tatu nyingine katika saa za kazi.

Hakuja kwangu. Aliandika mwenyewe kwenye karatasi ya daftari la mwanawe mkubwa, na Afande alinionyesha: “Afande, Ijumaa saa tatu hadi saa saba nampeleka mtoto kliniki. Uji nitapika kabla sijaondoka. Saa saba niko jikoni.” Chini yake Afande ameandika “Sawa” na tarehe.

Ijumaa hiyo saa saba kamili hakuwa jikoni. Simu ya Afande ililia tukiwa tumesimama naye barazani, akainyoosha mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akanisomea: “Foleni. Mbele yangu watu wanne.”

Akatazama saa yake, akaenda kumwambia mpishi wa jioni abandike maharage.